Kibaya Kinachojiuza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo umenitosha katika mambo mengi ya maisha yangu. Maharage mazuri ya Ufipa hayahitaji mpiga debe. Yakifika sokoni hugombewa kabla gunia halijafunguliwa vizuri. Lakini ipo bidhaa moja ambayo kila nikiitazama naona imewashinda wahenga. Haitangazwi redioni, maana imepigwa marufuku. Haina bango barabarani. Mara nyingi haina hata jina, imo tu ndani ya kopo lililowahi kuwa la siagi, na muuzaji huitoa chini ya meza. Wala haijitembezi: wanunuzi ndio wanaoitafuta, na wakishaipata hurudi kila mwezi kama watu waendao kulipa kodi ya nyumba. Watu huiita mkorogo.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilifanya kazi katika zahanati za vijijini kwetu Rukwa, kisha mjini Sumbawanga mpaka nilipostaafu, na kwa miaka mingi nimejiuliza kwa nini vipodozi vya kujichubua vinauzwa namna hii. Jibu ambalo husemwa kwenye mikutano ni kwamba wanawake wetu wanaupenda Uzungu. Jibu hilo ni rahisi mno, na linamlaumu mnunuzi bila kuitazama bidhaa yenyewe. Mtu anaweza kuvutwa na tamaa siku ya kwanza. Je, ni nini kinachomrudisha dukani siku ya mia tano, wakati ngozi imekwisha haribika na yeye mwenyewe anajua kwamba imeharibika?

Msomaji asiyeufahamu uwanda wa Ufipa ajue kwanza kwamba huku kuna baridi. Sumbawanga iko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Agosti upepo mkavu huvuma siku nzima. Ngozi hupauka, midomo hupasuka, visigino huchanika. Mtu asiyejipaka mafuta huonekana kama ametoka mashineni kusaga unga. Kwa hiyo mafuta ya kupaka kwetu si anasa hata kidogo. Mama akienda gulioni hurudi na chumvi, kiberiti, sabuni na mafuta ya kupaka, na kimoja kikikosekana watoto huuliza. Ndiyo maana wauza vipodozi hawakuwa na haja ya kutufundisha tabia mpya. Sisi tulikuwa tumeshazoea kupaka. Wao walibadili tu kilichomo ndani ya kopo.

Vilevile hawakuja na neno weupe mdomoni. Nakumbuka sabuni za zamani, zile za miaka ya 1980 na 1990. Ziliuzwa kama sabuni za kuua vijidudu, za kuondoa chunusi na vipele. Kumbe ndani yake mlikuwa na iodidi ya zebaki. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikataza zebaki katika vipodozi vyao mwaka 1976, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo viwanda vya huko viliendelea kutengeneza sabuni za zebaki za kuletwa Afrika. Walikatazana kuzitumia wao kwa wao. Msichana aliinunua kwa ajili ya chunusi, chunusi zikakauka kweli, na baada ya mwezi mmoja jirani akamwambia, “Umetakata!” Neno hilo lilikuwa tangazo kuliko bango lolote.

Simbezi anayefurahia neno kama hilo. Kwetu mtoto akizaliwa, wageni humtazama masikio wapate kukisia rangi atakayokuwa nayo, na wakiona masikio meusi husema “aa” ya chini chini ambayo mama mzazi huisikia vizuri. Kwenye sherehe za kumuaga bibi harusi, mshereheshaji humsifia weupe wake kabla hajamsifia tabia. Binti anayekua akisikia hayo hahitaji kitabu cha kumfundisha rangi ipi ina bei.

Lakini, kama nilivyosema, hayo ni ya siku ya kwanza. Ya siku ya mia tano niliyaelewa vizuri zaidi kwa kumtazama mtu mmoja wa karibu.

Binti wa kaka yangu anauza nguo za mitumba. Mwaka 2017, akiwa na miaka ishirini na mitatu, alipata chunusi, akauziwa krimu ndogo ya uso. Mwaka uliofuata akaingia kwenye mkorogo wa mwili mzima, ili mikono ifanane na uso. Hapa tayari biashara imeshauza mara mbili: uso ukiwa wa chungwa na miguu ikiwa myeusi watu hucheka, na dawa ya kicheko hicho ni kununua kopo kubwa zaidi. Miaka mitatu ikapita. Asubuhi moja ya Julai mwaka 2021 alinijia nyumbani amejifunika kitenge mpaka kichwani. Nikadhani ni baridi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona umejifunga hivyo?”

“Macho yananivimba nikiamka. Mchana yanapungua.”

Nilimtoa kitenge nikamtazama kwa utulivu, nyumbani kwangu, penye mwanga wa dirisha. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mviringo na wa kung'aa, mashavu yana mishipa myekundu myembamba kama nyuzi, na juu ya mashavu hayo zimeota nywele laini ambazo hakuwa nazo. Kwapani na mapajani palikuwa na michirizi mipana ya zambarau, kama ya mjamzito, ila mipana zaidi. Hizo ni alama za steroidi kali, na muuguzi yeyote aliyefanya kazi mjini katika miaka hii anazijua. Lakini kuvimba macho asubuhi na kupungua mchana si alama ya steroidi. Nilimbonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, nikahesabu mpaka kumi, nikaondoa kidole. Shimo likabaki. Uso ulionona kwa steroidi haubaki shimo ukiubonyeza. Maji yanayotokana na figo ndiyo yanayobaki shimo. Nikamuuliza habari za mkojo. Alicheka kwa aibu, kisha akasema una povu, povu lisilokwisha, kama pombe ya ulezi inapomiminwa.

Tulikwenda hospitali siku ileile. Kijiti cha kupima mkojo, ambacho sehemu ya protini huwa ya njano, kiligeuka kijani kibichi mbele ya macho yetu: alama tatu za kujumlisha. Maana yake ni kwamba figo zilikuwa zinavujisha protini ambazo zilipaswa kubaki katika damu. Protini zikipungua katika damu, maji hutoka kwenye mishipa yakaenda kukaa machoni na miguuni. Presha yake ilikuwa 150 kwa 100. Daktari alimpima malaria, homa ya ini aina ya B, virusi vya Ukimwi, kisukari na ujauzito, kwa sababu vyote hivyo vina njia zake za kuzigusa figo au kuvimbisha mwili. Vyote havikuonyesha kitu, ila sukari iliyokuwa juu kidogo. Ndipo daktari akauliza, “Unapaka nini?”

“Mafuta ya kawaida,” akajibu.

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi sana kazini. Sikumbishia mbele ya daktari. Jioni nilikwenda kwake nikamwomba anitolee kila kitu anachopaka, akakipanga juu ya kitanda: kopo la mkorogo na kikopo cha krimu ya uso. Nikaanza na hicho kikopo, maana kilikuwa kidogo lakini ndicho nilichokiogopa zaidi.

Hakikuwa na orodha ya vilivyomo. Maandishi mengi yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Lakini ubavuni palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza wenye onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala aluminiamu. Nikamtazama kidole, pete ya ndoa haikuwapo.

“Pete iko wapi?”

“Huwa naivua, shangazi. Yule mama aliniambia krimu inaichafua.”

Msomaji, onyo hilo ukiliona popote, acha kikopo hapo hapo. Vaselini haichafui dhahabu. Losheni ya kawaida haina ugomvi na fedha. Zebaki ndiyo hushikamana na dhahabu ikaigeuza nyeupe, kama wajuavyo wachimbaji wadogo wanaoitumia kukamatia chembe za dhahabu kwenye mchanga. Shirika la Afya Duniani limeitaja alama hii miongoni mwa zile zinazoashiria zebaki, pamoja na maneno kama kalomeli au herufi Hg kwenye orodha. Na krimu yenyewe, tulipoifungua, ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu pale juu palipopata mwanga.

Sababu ya zebaki kuchubua ni hii. Ndani ya ngozi kuna kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani rangi yetu, na kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa msaada wa madini ya shaba. Zebaki huingia mahali pa shaba, na kazi ya kutengeneza rangi ikasimama. Laiti ingeishia hapo! Lakini zebaki haibaki kwenye ngozi. Hupenya ikaingia kwenye damu, na mvuke wake huvutwa puani usiku kucha, kisha hukusanyika kwenye figo. Hubaki pia kwenye taulo na mito, ndiyo maana mtoto anayelala na mama anayejipaka naye huweza kuipata. Binti yetu alikuwa na mtoto wa miaka miwili. Kesho yake tulimpeleka naye akapimwa mkojo, na nilikaa kwenye benchi nikishika kikombe kile kidogo kwa mikono miwili mpaka tulipoambiwa mkojo wake ni safi.

Jambo hili la figo si jipya katika Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa juu ya wagonjwa watu wazima 60 waliokuwa wakivimba kwa figo kuvujisha protini, hali ileile niliyoieleza. Walipowauliza vizuri wakakuta 32 kati yao walitumia krimu za kuchubua zenye zebaki. Baadhi ya wagonjwa waliwafuatilia baada ya kuacha krimu, na nusu ya hao figo zao zilitulia. Zaidi ya miaka hamsini imepita tangu watu wetu wenyewe, hapo jirani, watupe habari hiyo. Krimu zenyewe zimebadili tu makwao: zamani zilitoka Ulaya, na sasa nyingi zinazogunduliwa na wapimaji hutengenezwa Asia, katika nchi kama Pakistani, Tailandi na China.

Kipimo cha zebaki chenyewe hatukukipata mjini. Kwa hiyo daktari hakuapa kwamba ni zebaki iliyomwumiza; alisema tu kwamba sababu nyingine alizoweza kuzitafuta hazikuwapo, kwamba kikopo kina kila dalili, na kwamba kama ni yenyewe basi mkojo utatuambia baada ya miezi kadhaa ya kuacha. Niliupenda unyoofu wake. Akampa dawa ya presha ambayo pia hupunguza uvujaji wa protini, akamkataza chumvi nyingi, na krimu ya uso ikaachwa siku ileile.

Mkorogo ulikuwa na habari tofauti. Nilimwendea mwuzaji mwenyewe. Ni mama wa makamo, mchangamfu, aliyenipokea kwa shikamoo ya heshima na kunivutia kigoda. Sikumwendea kwa shari, nilitaka kujua kipimo. Naye, kama fundi yeyote anayeulizwa juu ya ufundi wake, akaniambia. Kopo lake hubeba nusu kilo. Humo hutia losheni ya kawaida, losheni ya kuchubua anayoletewa na wachuuzi, kisha “tyubu nne za moto”. Hiyo tyubu ya moto ni dawa ya hospitali, klobetasoli, gramu 25 kila moja. Dawa hiyo ni halali na nzuri kwa mwenye ugonjwa mkali wa ngozi aliyeandikiwa na daktari, nayo ni miongoni mwa steroidi zenye nguvu kuliko zote za kupaka.

Tuhesabu pamoja, maana hesabu yake ni fupi. Tyubu nne za gramu 25 ni gramu 100 za dawa ndani ya kopo la gramu 500. Yaani kila gramu tano za mkorogo zina gramu moja ya klobetasoli ya tyubu. Mtu mzima akijipaka mwili mzima asubuhi na jioni, bila kujaza sana, atamaliza kama gramu 40 kwa siku. Kumbe kila siku binti yetu alikuwa anajipaka gramu 8 za dawa ile, na kwa wiki gramu 56. Maelekezo ya dawa yenyewe yanasema isizidi gramu 50 kwa wiki, na isizidi wiki mbili mfululizo. Yanaonya kwamba hata gramu 2 kwa siku zimewahi kuzisinzisha tezi za juu ya figo. Yeye alikuwa amepaka miaka mitatu.

Tezi hizo, adrenali, ndizo zinazotoa homoni ya kotisoli ambayo mwili huitumia kupambana na homa, jeraha, njaa na mshtuko. Klobetasoli ni mfano wa homoni hiyo, ila yenye nguvu nyingi mno. Mwili ukiona kila siku inaingia kutoka nje kupitia ngozi, huziambia tezi zipumzike, nazo zikipumzika miaka mitatu haziamki kwa siku moja. Ndiyo maana mtu akiacha ghafla anaweza kulegea, kutapika, kupata kizunguzungu akisimama, na akishikwa na malaria kali wakati huo anaweza hata kufa.

Hapa ndipo nilipoipata siri ya biashara. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu, hutuliza muwasho, hukausha chunusi na kulainisha ngozi, kisha huing'arisha. Kwa wiki za mwanzo hakuna kipodozi halali kinachoweza kushindana nayo, kwa hiyo mnunuzi hajadanganywa: ameahidiwa ngozi laini, ameipata. Baadaye ngozi hukonda kama karatasi. Chunusi za aina nyingine huota. Fangasi aliyekuwa duara dogo lenye mpaka hutambaa bila mpaka, kwa sababu askari wa ngozi wamelazwa usingizi, na hata mganga mzoefu humkosa. Ukiacha kupaka siku tatu, mishipa iliyobanwa hufunguka kwa mkupuo, uso ukawaka moto, ukawasha, ukavimba na kuchuruzika maji. Ukipaka tena, baada ya saa chache moto umezimika. Basi mgonjwa anaamini nini? Anaamini kwamba mkorogo ndio dawa, na kwamba ugonjwa ni kuukosa mkorogo.

Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Kelly Lewis walichapisha mazungumzo yao na wanawake 42 wa Dar es Salaam waliokuwa wakijichubua. Miongoni mwa sababu walizotoa, kando ya zile tunazozitarajia za kupendeza na kumfurahisha mwenzi, ilikuwamo hii: kuondoa madhara yaliyoletwa na kujichubua kwa muda mrefu. Nilipoisoma nilimkumbuka yule mama wa kigoda. Nilipomuuliza mbona yeye mwenyewe mikono yake ina mabaka, akanyosha vidole akavitazama. “Mama, mimi nikiacha uso wangu utanila,” akasema. “Ninauza ninachotumia.”

Serikali haikukaa kimya. Mamlaka ya Chakula na Dawa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko mikononi mwa Shirika la Viwango. Mizigo hukamatwa na kuteketezwa. Lakini Rukwa tuna Zambia upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande mwingine, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kikopo cha krimu hukaa ndani ya soksi. Tena marufuku hufuata jina lililo kwenye lebo, na mkorogo hauna lebo. Anayekagua duka atazame pia tyubu za klobetasoli zinapokwenda, kwa maana mgonjwa wa kweli hanunui nne kwa mpigo.

Jambo jingine la huku kwetu ambalo watu wa pwani hawalifikirii ni jua. Kwa kuwa hewa ya Ufipa ni ya baridi, mtu hulima mchana kutwa bila kuhisi kuchomwa. Lakini kadiri unavyopanda juu ndivyo miale inayounguza inavyozidi, na melanini ndiyo mwavuli wake. Ndugu zetu wenye ualbino wanajua gharama ya kuukosa mwavuli huo. Kwa ajili yao hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikitengeneza mafuta maalumu ya kuzuia jua, na wengine hawayapati. Katika soko moja unamkuta anayetafuta kopo la kumkinga na jua, na anayelipa shilingi elfu kumi na tano aondolewe kinga aliyozaliwa nayo.

Kumwachisha binti yetu mkorogo hakukuwa kazi ya siku moja. Daktari alimpa vidonge vya haidrokotisoni kwa kiwango kidogo kila asubuhi, vishike nafasi ya kotisoli ambayo tezi zake hazitoi, akavipunguza taratibu kwa miezi. Akamwagiza kwamba akipata homa kali asisubiri, aje hospitali na aseme wazi kwamba alitumia steroidi. Mwilini akawa anapaka vaselini tupu.

Wiki ya tatu moto ukaja. Alihamia kwangu na mtoto wake, kwa kuwa hakutaka mumewe amwone. Uso ulikuwa mwekundu, unatoa maji masikioni, na usiku hakulala. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji baridi, na maji ya Sumbawanga mwezi Agosti ni baridi kweli. Saa nane za usiku alikuwa akinisihi, “Shangazi, usoni tu. Kidogo tu, kama punje ya harage.” Mtu aliye katika hali ile angelinunua kopo kwa bei yoyote, hata kwa kuuza bando zima la mitumba. Hakuna muuzaji wa chakula wala wa nguo mwenye mteja wa namna hiyo.

Moto ulipungua mwezi wa tatu. Mkojo ulijibu kama daktari alivyosema utajibu: Julai alama tatu, Oktoba mbili, Februari mwaka 2022 dalili tu, na mwezi Mei kijiti kilibaki njano. Presha ilishuka. Tezi zilichukua karibu mwaka kuamka. Rangi yake imerudi, ingawa viungo vya vidole vimebaki vyeusi kuliko mkono, na ile michirizi ya mapajani imekuwa myeupe ikabaki palepale. Ngozi ikishachanika kwa ndani haishoneki. Pete ameivaa.

Ila siku za moto ule hazijaisha, nilimkuta mtoto akichezea kopo jipya dirishani. Yule mama alikuwa amelileta mwenyewe, na ujumbe kwamba amemkosa mteja wake mwezi mzima, anamwonea huruma, na hela atatoa akipata. Binti hakulifungua, lakini pia hakuwa amelitupa. Lilikaa pale siku tano. Nililifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni pamoja na kile kikopo cha kijivu. Sikukitia chooni, zebaki ingeingia ardhini, wala jikoni, moto ungeigeuza mvuke tukauvuta sote. Nikavipeleka kwa bwana afya, nikamwandikia kwenye karatasi vilivyomo, akavifungia kabatini asubiri gari la kuvipeleka vinakoharibiwa. Kabatini humo, aliponifungulia, vilikuwamo vingine vingi.